Karatasi ya kuruhusiwa hospitali imejaa vifupisho, naifupishaje ndugu wanaomuuguza Mama waelewe kwa kutupia jicho tu?

Kijana wa Tandika
Habari za asubuhi wakuu, naomba mawazo hasa ya mlio kwenye sekta ya afya. Bi mkubwa alilazwa kwa shida ya kupumua na miguu kuvimba, jana Ijumaa jioni karuhusiwa, wamesema moyo umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Dokta alitueleza lakini ilikuwa harakaharaka, mimi nipo dirishani nahangaika na malipo, mdogo wangu yuko na Mama, kila mmoja kasikia kipande chake. Tulichobaki nacho ni karatasi moja tu.

Kesho Mama anaenda Morogoro kwa dada, huko ndio atauguzwa, na siku dada akiwa sokoni anabaki na binti wa kazi. Kaka yuko Mwanza yeye anatuma hela na anapiga simu kila jioni anauliza "dokta kasemaje". Nataka kitu kifupi cha kuweka kwenye grupu la familia na kubandika pale jikoni kwa dada, mtu akikiangalia tu ajue afanye nini. Karatasi yenyewe nimeinakili hapa, jina nimelitoa:

```
62/F k/c HTN. C/o SOB, orthopnoea, LL oedema
Dx: CCF (dilated), EF 32%
Wt: adm 71kg, d/c 64kg. K 4.6, Cr 118
Tabs Frusemide 40mg BD 5/7 then OD
Spironolactone 25mg OD
Enalapril 5mg BD
Carvedilol 3.125mg BD
Stop Nifedipine. Low salt. Avoid NSAIDs
RTC 2/52 c U&E, Cr
```

Na mimi nimejaribu kuifupisha hivi: "Mama alilazwa kwa tatizo la moyo, kipimo cha eko kimetoa asilimia 32, alichomwa sindano za kutoa maji, kapungua kilo 7, figo zimepimwa. Anatumia Furosemide, Spironolactone, Enalapril na Carvedilol. Apunguze chumvi. Kliniki baada ya wiki 2." Inatosha au kuna kinachopungua?

Mzee Kipara
Pole kijana wangu, Mungu amsimamie mama. Mimi naona umefupisha vizuri, ila hapo kwenye Frusemide ongeza kwamba anameza siku tano kwa wiki, 5/7 ni siku tano kati ya saba, Jumamosi na Jumapili anapumzika. Na hiyo dawa ya mkojo inakausha mwili sana na figo zinaumia, kwa hiyo waambie anywe maji mengi, lita tatu kwa siku zisipungue.

NesiWaZamu
Shikamoo mzee wangu, naomba hapo nikurekebishe kwa heshima kabla haijaenda jikoni kwa watu. 5/7 kwa maandishi ya hospitali ni siku 5 tu basi, ile 7 inaonyesha kwamba tunahesabu siku. Ukiona 2/52 ni wiki 2, ukiona 3/12 ni miezi 3. Kwa hiyo mstari wa Frusemide unasema kidonge kimoja mara mbili kwa siku kwa siku 5, baada ya hapo mara moja kwa siku kila siku, hakuna wikiendi ya kupumzika. Mgonjwa wa aina hii akiruka siku mbili za dawa ya maji anarudi wodini na miguu ileile.

Na maji, upande mmoja uko sahihi mzee, kweli dawa hii inaweza kumkausha mtu na figo zikapata shida, hasa akitapika au akiharisha huku anaendelea kumeza. Lakini huyu mama kalazwa kwa sababu mwili umejaa maji, wametoa kilo 7 kwa sindano. Ukimnywesha lita tatu unayarudisha. Karatasi haijaandika kiwango cha maji, wengine tunawapa lita moja na nusu wengine hatuwawekei kikomo, inategemea. Hilo kijana piga simu wodini uulize, usilijaze mwenyewe. Kwa sasa anywe akisikia kiu, asilazimishwe.

Sasa turudi kwenye muhtasari wako kaka. Nusu nzima unasimulia hospitali ilifanya nini: sindano, kilo 7, figo. Dada yako akisoma hapo hakuna cha kufanya. Halafu penye kazi yake ndio umepita haraka, umetaja majina manne ya dawa bila kusema kipi saa ngapi. Na kuna mstari umeuacha kabisa, "Stop Nifedipine". Hizo Nifedipine ziko wapi sasa hivi?

Kijana wa Tandika
Asante sista. Nifedipine zipo nyumbani, boksi karibu zima, ndio dawa yake ya presha ya siku zote, na amezifungasha kwenye mkoba wa kwenda Morogoro.

NesiWaZamu
Ndio hapo sasa. Mama wa watu kazoea dawa yake, karatasi inasema aache, lakini hakuna aliyemwambia yeye, na dada akiuona ule mkoba atampa zote. Presha itashuka mno maana Enalapril na Carvedilol nazo zinashusha, na Nifedipine kwa moyo uliochoka hatuipendi. Kwenye muhtasari wowote wa kutoka hospitali kitu cha kwanza kutafuta ni nini kimeACHWA, kwa sababu familia inapokea kwa urahisi dawa mpya, ya zamani hakuna anayeitoa.

Famasia Kona
Naongezea hapo kwa sista. Mkuu fungua hiyo mifuko yote, ya hospitali na ya nyumbani, imwage mezani, halafu niandikie hapa kila bahasha na boksi limeandikwa nini. Usininakilie kutoka kwenye karatasi, soma kwenye dawa yenyewe. Muhtasari lazima ufanane na kile ambacho dada atashika mkononi.

Kijana wa Tandika
Nimemwaga mkuu. Bahasha za hospitali: Furosemide 40mg imeandikwa 1x2. Spironolactone 25mg 1x1. Enalapril 5mg 1x2. Carvedilol kwenye karatasi ya vidonge pameandikwa 6.25mg, juu ya bahasha ½x2. Za nyumbani: Nifedipine, Lasix 40mg vimebaki vidonge kama kumi, alipewa zahanati mwezi uliopita miguu ilipoanza kuvimba, na Diclofenac za magoti.

Famasia Kona
Sawa, hapo mezani kuna mitego minne na hakuna hata mmoja unaoonekana kwenye muhtasari wako.

Kwanza Lasix na Furosemide ni dawa ileile, jina la kibiashara tu ndio tofauti, na hiyo Frusemide ya kwenye karatasi ni tahajia ya zamani ya kitu hichohicho. Dada akiona majina mawili anatoa viwili. Weka pembeni hiyo Lasix kabisa.

Pili Carvedilol. Dokta kaandika 3.125, famasi hawakuwa na cha 3.125 wakatoa cha 6.25, ndio maana ya hiyo nusu. Ile alama ya ½ kwa mwandiko wa kalamu ikifutika kidogo inasomeka 1. Wewe andika kwa herufi, NUSU KIDONGE, na ikiwezekana vikate leo vyote vya wiki moja uviweke kwenye kikopo kikavu.

Tatu bahasha ya Furosemide inasema 1x2 tu, haijasema ni siku 5 halafu mara moja. Asipoambiwa ataendelea mara mbili mpaka siku ya kliniki, na hapo ndio maneno ya mzee ya kukauka yanakuwa kweli.

Nne hiyo Diclofenac. "Avoid NSAIDs" ndio yenyewe, pamoja na Ibuprofen na wenzake wote. Zinafanya mwili ushike chumvi na maji na zinaibana figo, ukichanganya na Enalapril na dawa ya maji ndio mbaya zaidi. Huyu mama magoti yanamuuma, lazima atazitafuta, na duka la dawa la mtaani atapewa bila kuulizwa. Andika majina, usiandike "aepuke dawa za maumivu", halafu mpe kitu mbadala, Paracetamol. Ukimkataza mtu mwenye maumivu bila kumpa mbadala hatafuata.

Mpiga Debe wa Mbagala
Na mimi jamani baba yangu mguu umevimba huu wa kushoto tu toka juzi, unauma na wa moto, nimpe hizo Lasix anazoziweka pembeni huyu jamaa? Maana ni dawa ya uvimbe

NesiWaZamu
Hapana kaka, usimpe. Mguu mmoja tu, ghafla, unauma, hiyo ni habari nyingine, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa na Lasix haina kazi hapo. Mpeleke hospitali leo, isilale mpaka kesho. Akianza kubanwa kifua au pumzi usiusubiri hata usafiri wa bei rahisi. Halafu fungua uzi wako tukusaidie vizuri.

Kijana wa Tandika, kazi ya pili ni kutafsiri zile siku ziwe siku za kalenda. Piga simu wodini uliza dawa ya mwisho alipewa lini.

Kijana wa Tandika
Nimepiga sista, nesi wa zamu kasema jana za jioni zote alimeza kabla hatujaondoka, dozi za kutwa mara mbili kwa siku tano zinaanza leo Jumamosi. Na maji kasema dokta wake huwa anawaambia lita moja na nusu kwa siku, kahesabu na chai na uji humohumo, anywe kwa awamu.

NesiWaZamu
Safi sana. Basi leo Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, hizo tano. Alhamisi asubuhi anahamia kimoja tu kwa siku. Kwenye karatasi ya jikoni usiandike "siku tano", andika "mpaka Jumatano", kwa sababu siku tano kila mtu anaanza kuhesabu pake.

Na hiyo "mara mbili" ya Furosemide sio asubuhi na usiku. Akimeza saa 2 usiku atakesha anaenda chooni gizani, mama wa miaka 62 aanguke avunje nyonga. Asubuhi na saa 8 mchana. Enalapril na Carvedilol ndio asubuhi na jioni, na Carvedilol iwe baada ya kula maana kwenye tumbo tupu inaweza kumpa kizunguzungu.

Kwa hiyo panga kwa saa, usipange kwa dawa. Binti wa kazi hahitaji kujua Spironolactone ni nini, anahitaji kujua asubuhi baada ya chai vinatoka vingapi kutoka bahasha zipi.

binti_Uluguru
Mimi nimemuuguza marehemu shangazi na ugonjwa huuhuu, naomba niseme kitu ambacho hakimo humo. Karatasi inasema kilo 64 na nyie wote mmeipita. Ile ndio ilikuwa kila kitu kwetu. Shangazi alikuwa hajisikii vibaya kabisa, anakula anacheka, lakini mzani unapanda, na siku mbili mbele ndio pumzi inaanza kumsumbua. Tulivyojifunza kumpima kila siku tukawa tunawahi.

NesiWaZamu
Umenitoa mdomoni dada, nilikuwa naifikia. Hiyo 64 ni uzito wake baada ya maji ya ziada kutoka, ndio kipimo cha nyumbani. Kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, nguo nyepesi, mzani uleule uliowekwa sakafu ngumu, sio juu ya zulia. Aandike namba kwenye daftari.

Ila angalizo: mzani wa Morogoro sio mzani wa wodini. Unaweza kusoma 65 na nusu mama hajabadilika. Jumatatu asubuhi, siku yake ya kwanza kuamka kule, wampime, na namba hiyo ndio iwe ya kulinganishia, hiyo 64 ibaki kwenye karatasi ya hospitali. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, wapige simu siku hiyohiyo hata kama anasema hajambo. Chakula hakimnenepeshi mtu kilo 2 kwa siku 3, hayo ni maji.

Kama mzani hakuna, kuna vitu viwili vya kuangalia. Bonyeza kidole gumba kwenye mfupa wa mbele wa muundi uhesabu taratibu mpaka tano, ukitoa pakabaki shimo, maji yapo, na uone kama leo limepanda juu kuliko jana. Na hesabu mito. Alikuwa analalia mto mmoja, leo kaomba wa pili, usiku kaamka kukaa kitandani atafute pumzi, hiyo ni dalili kubwa kuliko miguu.

Kijana wa Tandika
Mzani nanunua leo. Nimeandika upya, naomba mkosoe bila huruma:

MAMA, KUANZIA JUMAMOSI
Shida: moyo wake unasukuma damu kwa nguvu ndogo, ndio maana maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Dawa ni za kila siku hata akijisikia mzima.
Asubuhi baada ya chai: Furosemide 1, Spironolactone 1, Enalapril 1, Carvedilol NUSU.
Saa 8 mchana: Furosemide 1, MPAKA JUMATANO TU. Kuanzia Alhamisi, ya mchana hakuna.
Jioni baada ya kula: Enalapril 1, Carvedilol NUSU.
ASITUMIE TENA: Nifedipine, Lasix za zamani (ni sawa na Furosemide), Diclofenac, Ibuprofen. Magoti yakiuma ni Paracetamol.
Kila asubuhi: apimwe uzito kabla ya chai, iandikwe kwenye daftari. Maji na chai na uji jumla lita moja na nusu. Chumvi kidogo.
Piga simu siku hiyohiyo: kilo 2 zimeongezeka ndani ya siku 3, uvimbe unapanda, kaongeza mto, kizunguzungu akisimama, anatapika au anaharisha.
Mpeleke hospitali SASA HIVI hata usiku: anashindwa kupumua akiwa amekaa, kifua kinabana, kazirai, midomo au ulimi umevimba.
Kliniki: Ijumaa ya wiki ya pili, aje na damu imeshapimwa figo na chumvichumvi za damu. Aje na daftari na dawa zote.

Famasia Kona
Hii imekaa. Mimi mabadiliko mawili. Hizo za "asitumie tena" usiandike tu, zitoe kwenye mkoba zibaki kwako Dar, bandiko jikoni halishindani na boksi lililopo kabatini. Na kwenye kila bahasha chora alama, mfano duara moja asubuhi, mawili mchana, matatu jioni, kwa ajili ya binti kama kusoma ni shida.

Kuhusu chumvi, usiruhusu mtu mwenye nia njema awaletee ile chumvi mbadala ya wenye presha inayouzwa supamaketi. Nyingi zina potasiamu, na Spironolactone pamoja na Enalapril zote zinapandisha potasiamu. Ikipanda sana mapigo ya moyo yanavurugika. Ndio maana wametaka damu wiki ya pili, hiyo K 4.6 ya kwenye karatasi ndio potasiamu yake, ni nzuri lakini ni ya kabla dawa hazijafanya kazi kwa muda.

NesiWaZamu
Kweli kabisa, na hiyo damu wengi wanaidharau wanaenda kliniki mikono mitupu. Ikipimwa Morogoro siku mbili kabla anaenda na majibu, dokta anaamua palepale.

Mimi kaka ningeiongeza namba ya simu, tena juu kabisa kwa kalamu nene. "Piga simu" kwa nani? Namba ya wodi kama wamekubali, namba yako, na namba ya bodaboda au teksi ya jirani wa dada. Saa 9 usiku mtu hatafuti namba kwenye simu iliyoisha chaji.

Mchambuzi Huru
Nimesoma uzi wote, niulize kitu. Ile asilimia 32 imepotea kwenye toleo jipya. Kaka wa Mwanza anayetoa hela si ana haki ya kujua hali ni nzito kiasi gani? Ukimwandikia "nguvu ndogo" ataona kitu cha kawaida, mwezi ujao anasema hana hela ya dawa.

NesiWaZamu
Niliitaka itoke kwenye bandiko la jikoni kwa makusudi. Watu wakiona 32 wanafikiri moyo umebaki theluthi, wanaanza kulia kabla ya msiba. Moyo mzima kwanza hautoi asilimia 100, wa kawaida ni kama 55 mpaka 70. 32 ni chini, ni ya kutibiwa kwa umakini, lakini wapo wanaopanda kwa dawa hizihizi. Namba hiyo ibaki kwenye karatasi halisi ambayo isipotee.

Mchambuzi Huru
Sista nakuelewa ila sikubaliani moja kwa moja. Kumficha mtu mzima namba kwa kuogopa atalia ndio kunazaa zile lawama za baadae "mlijua hamkutuambia". Afadhali aandikiwe yeye peke yake na maelezo hayo ya 55 mpaka 70.

binti_Uluguru
Na mimi naona kuna swali la kabla ya hilo. Mama mwenyewe kaulizwa kama anataka ugonjwa wake uwekwe kwenye grupu? Grupu za familia zina mashemeji na wakwe, sisi kwetu shangazi alichukia sana kusikia watu wa mbali wanamuulizia moyo wake. Bandiko la jikoni ni la kazi sawa, ila grupu ni jambo lingine.

Kijana wa Tandika
Nimemuuliza. Kasema dada na kaka wajue kila kitu, grupu kubwa waambiwe tu anaendelea vizuri. Basi bandiko linaenda kwa hao wawili, na kaka nitampigia nimweleze hiyo eko kwa mdomo. Kama nimtajie namba au la sijaamua, mnanipa hoja pande zote mbili.

NesiWaZamu
Ukishamtumia dada, usimuulize "umeelewa?" maana atasema ndio. Mpigie umwambie "dada hebu nieleze Jumatatu asubuhi utampa nini na nini, na kitu gani kitakufanya utupigie simu". Akwambie kwa maneno yake mwenyewe. Pale atakaposita ndio pa kurekebisha kwenye bandiko, kosa ni la maandishi sio la dada.

Kijana wa Tandika
Nimefanya hivyo sista. Dawa kataja zote bila kukosea, mpaka nusu na Jumatano. Ila kwenye chumvi nikamwambia nieleze utapikaje, kasema "chumvi ya kunyunyizia mezani nimeshaitoa". Nikamuuliza mboga, kasema ataweka Royco kama kawaida ili Mama apate ladha, na ng'onda kwa sababu Mama anaipenda.

NesiWaZamu
Umeona! "Chumvi kidogo" kila mtu anaisikia anavyoizoea. Badilisha mstari huo uandike: Royco na vya kukolezea vya mchemraba hapana, ng'onda na samaki wa chumvi hapana, bisi na krispi za paketi hapana, mboga ya Mama itolewe kabla haijatiwa chumvi kisha ikolezwe kwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya. Dada ni mpishi, ukimpa majina ya vyakula anajua pa kuanzia.

Kijana wa Tandika
Nimebadilisha. Kuna kitu kingine Mama kauliza mwenyewe alivyosikia tunapanga masaa, yeye hufunga sunna Jumatatu na Alhamisi miaka yote, anataka kujua anaendelea?

Mzee Kipara
Mgonjwa karuhusiwa na dini asifunge, hilo halina mjadala, na hata Ramadhani anaweza kula.

NesiWaZamu
Kwa ruhusa uko sahihi mzee wangu, lakini yeye anauliza kama ANAWEZA, na kwa wazee wetu ukimjibu "usifunge" tu anafunga kimyakimya na kuruka dawa ya mchana bila kukwambia. Jumatatu hii jibu lipo wazi, ana kidonge cha saa 8 mchana mpaka Jumatano, kinagongana na funga. Kuanzia Alhamisi dozi zinabaki asubuhi na jioni, kwa masaa inaonekana inawezekana, ila kumeza dawa ya maji alfajiri halafu asinywe kitu mpaka magharibi, pamoja na Enalapril, kwa mtu aliyetoka wodini wiki hiyohiyo, mimi siwezi kumruhusu kwenye mtandao. Asubiri majibu ya figo. Wapo madokta watakaokubali baadae akitulia, wapo watakaokataa.

Kijana wa Tandika
Nimemwambia hivyo, hajafurahi ila kakubali kusubiri. Nimeacha nafasi chini ya bandiko, nimeandika "Maswali ya Mama kwa dokta siku ya kliniki", la kwanza ni funga, la pili kaongeza mwenyewe, kama anaruhusiwa kupanda ngazi za kwa dada ghorofa ya kwanza au ahamie chumba cha chini. Hilo la ngazi kuna anayejua?

binti_Uluguru
Shangazi tulimhamishia chini mwezi wa kwanza, baadae akarudi juu mwenyewe polepole. Choo cha chini kipo karibu na chumba? Angalia hicho kwanza, maana na hiyo Furosemide ya asubuhi ataenda mara nyingi mpaka mchana.

Kijana wa Tandika
Kipo mlango wa pili. Namwambia dada atandike chini usiku huu.